Saa Tano na Dakika Hamsini na Tisa, kwa Hasira

Wale mnaoniuliza tangu jana "Mwalimu, vipi mbio?", nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nawajibu wote hapa. Nimemaliza. Kilomita arobaini na mbili na mita mia moja tisini na tano, Ruangwa mjini hadi karibu na Malolo na kurudi. Medali ninayo. Kucha mbili za miguu sina. Naandika nikiwa nimelala chali, na bado nina hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kutia moyo aende ukurasa mwingine.

Kwanza shukrani, maana mama yangu alinifundisha adabu. Asante Dada Biasha, mkulima wa ufuta, jirani yangu hapa Nachingwea, aliyekuja kunigongea dirisha saa kumi na moja alfajiri miezi minane mfululizo. Asante Kaka Swalehe, dereva wa bodaboda, aliyetufuata kila Jumapili na pikipiki yake akiwa amebeba maji, tende na chumvi kwenye karatasi. Pikipiki ya Swalehe ndiyo pekee pale kijiweni ambayo mita yake inasoma. Ndiyo tuliyopimia umbali wote. Hapo ndipo penye kesi.

Mimi nafundisha hesabu. Sikuanza mazoezi kwa kukurupuka, nilichora jedwali. Jumanne fupi, Alhamisi ya mwendo wa haraka, Jumapili ndefu, tukiongeza kilomita mbili mbili mpaka tukafika thelathini na mbili, halafu wiki mbili za mwisho tunapunguza ili miguu ipone. Kwa mita ya Swalehe tulikuwa tunakwenda kilomita moja kwa dakika saba na nusu. Nikapiga hesabu: nitamaliza kwa saa tano na dakika kumi na sita. Mwisho wa mbio ni saa sita kamili. Baada ya hapo barabara inafunguliwa, hakuna medali, na kwenye matokeo unaandikwa hujamaliza. Nina nafasi ya dakika arobaini na nne! Nikajiandikisha. Nikawatangazia kidato cha pili chote. Nilikuwa nimejiapia kwamba mwendo ukizidi dakika nane nitachukua zile mbio za kilomita kumi, maana kuaibika mbele ya watoto wa watu sikutaka.

Jana saa kumi na mbili asubuhi wakapiga king'ora. Sisi wa nyuma tulitumia dakika tatu kuufikia tu mstari wa kuanzia, na saa ya waandaaji haikumsubiri mtu. Sawa, nikasema, bado ninazo arobaini na moja. Harufu ya salfa, ile dawa inayopulizwa kwenye mikorosho, ilikuwa hewani, Biasha kando yangu na hijabu yake ya kijani, mambo mazuri.

Kibao cha kilomita tano kilipaswa kutokea dakika ya thelathini na saba na nusu. Hakikutokea. Thelathini na tisa, hakuna. Arobaini, hakuna. Kikaja dakika ya arobaini na moja na ushee. Nikamwambia Biasha, "Hawa watu wameweka kibao pasipo pake." Akasema, "Labda." Nikaongeza mwendo ili nifidie. Biasha akaniambia, "Mwalimu, taratibu. Ukishindwa kuongea, umezidisha." Nilikuwa nimeshashindwa kuongea, kwa hiyo sikumjibu.

Kibao cha kumi nacho kikachelewa. Kwenye meza ya maji nikamgombeza binti wa kujitolea ambaye kosa lake lilikuwa kunipa kikombe. Binti, popote ulipo, nisamehe. Kwenye kibao cha kumi na mbili tukampata baba mmoja mwenye saa ile inayopima kwa setilaiti. Nikamwuliza. Akatazama mkono: "Kilomita kumi na mbili kamili, dada. Vibao viko sawa."

Nikabaki nakimbia mdomo wazi. Ndipo Biasha, bila hata kupunguza mwendo, akasema, "Swalehe alibadilisha rimu ya mbele kabla hatujaanza mazoezi. Akaweka ndogo."

Ndugu zangu, mita ya pikipiki ile inaendeshwa na gurudumu la mbele. Haijui barabara, inajua mizunguko. Gurudumu likiwa dogo linazunguka mara nyingi zaidi, na mita inaandika kilomita ambazo hamjazikimbia. Nikapiga hesabu pale pale jua likinichoma: imetuzidishia kama sehemu moja ya kumi. Thelathini na mbili zetu zilikuwa ishirini na tisa kasoro. Dakika saba na nusu zetu zilikuwa nane na sekunde ishirini. Kwa mwendo huo nafasi yangu si dakika arobaini na nne, ni nane, na tatu nimeshaziacha nyuma ya mstari. Na nguvu nilizokuwa nazo nimezimwaga kufukuza vibao ambavyo havikuwa na kosa.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

Tusiongee kuhusu kilomita kumi na saba zilizofuata.

Ishirini na tisa miguu ikagoma. Haikuwa maumivu, hayo ningeyavumilia. Ilikuwa kama mtu amezima jiko. Sukari ya mwilini imekwisha, na nilichokuwa nacho mfukoni ni tende mbili zilizoloa jasho. Nikala. Nikatembea hatua mia, nikakimbia mia tatu, nikihesabu kwa sauti. Biasha akatembea nilipotembea, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu yeye alikuwa mzima kabisa. Kwenye ya thelathini na nne nikamwambia aniache aende. Nilitegemea atakataa, japo mara moja kwa heshima. Akasema, "Haya," akaondoka. Nikaitazama hijabu ile ya kijani ikipotea kwenye kona, nikalia kidogo.

Kibao cha arobaini, saa yangu inasema zimebaki dakika ishirini na mbili kwa kilomita mbili na ushee. Nyuma nikasikia gari. Lile la kukusanya waliochoka, linalokwenda kwa mwendo wa saa sita kamili. Anayepitwa nalo basi. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo mwalimu, panda tu, umejitahidi."

"Marahaba. Sipandi!"

Sijui nilikimbiaje. Najua nilikuwa namtukana Swalehe kimoyomoyo kwa kila hatua, na matusi yana nguvu kuliko tende. Ile saa kubwa pale mwisho ilisoma saa tano, dakika hamsini na tisa, sekunde kumi na nane nilipokanyaga mkeka wa kupimia muda. Mama mmoja akanivika medali, mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia mbele za watu, nikiwa na furaha ambayo sijui hata niielezeje.

Biasha alikuwa kivulini, amemaliza dakika kumi na moja kabla yangu, miguu yake kwenye beseni. Akasogea tugawane maji. Nikaweka miguu, nikapiga ukelele, halafu nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu kilomita ya kumi na mbili.

"Biasha, usinidanganye. Ulijua kwamba mimi sijui. Miezi minane unaniona naandika namba za uongo kwenye jedwali! Kwa nini hukuniambia?"

Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaupangusa.

"Ningekuambia, ungejiandikisha?"

Nimesafiri naye kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea bila kumjibu. Kucha zinauma, sijalala, na hasira haijaisha. Maana jibu nalijua, naye analijua: ningekimbia zile kumi, nikarudi nyumbani mapema, mzima, na maisha yangu yote ningeamini kwamba arobaini na mbili si zangu.