Mto Kwenye Taya la Tofali

Kicheko kilianzia nyuma, kwenye viti vya plastiki, kikaja mbele kama maji yaliyomwagika sakafuni. Wino alidhani kuna mtu suruali imemchanikia. Alipogeuka akaona ukumbi mzima umeinua shingo kutazama skrini kubwa iliyotundikwa nyuma ya kona nyekundu. Naye akatazama. Moyo ukamshuka hadi kwenye soksi.

Juu pale alikuwa kaka yake, Tofali, kifua wazi, ngumi mbele, sura ya kumfukuzia mtu hamu ya kula. Kazi safi. Wino mwenyewe ndiye aliyeitengeneza ile picha, katika duka la kuchapa anakofanya kazi. Tatizo ni kwamba kwenye taya la Tofali palikuwa na mto. Mto wa kulalia, wenye maua ya njano. Na chini ya mto, kwa herufi nene: LALA SALAMA, BINGWA.

"Wewe," Wino akauambia ule mto kwa sauti, "si nilikuficha?"

Kweli aliuficha, na hapo ndipo penye balaa.

Pambano lililopita, wahuni wa mstari wa mbele walimcheka Tofali. Tofali ana mikono ya chuma na moyo wa karatasi: akichekwa tu, haoni tena. Alishusha mikono, akamvamia mwenzake kama mtu anayefukuza kuku, akala ngumi moja ya kidevu. Taya likavunjika. Akaishi kwa uji na mrija mpaka shati likawa linamvaa yeye. Daktari alipotoa waya alimwambia, "Likivunjika tena hapohapo, sahau ndondi. Na kutafuna pia utakusahau."

Wino, ambaye ulimi wake haujui msiba, aliichukua faili ya bango, akabandika stika ya mto na yale maandishi ili awachekeshe wenzake dukani. Wakacheka hadi mmoja akakalia wino mbichi. Mara mteja akaingia, na Wino, badala ya kuvifuta, akabofya kijicho, ile alama ya jicho iliyo kando ya kila leya, yaani kila tabaka la picha. Mto ukapotea, maneno yakapotea. Lakini leya za picha zimepangwa kama mashuka kitandani. Ukilifumbia jicho shuka moja hujalitoa. Limo, linakusubiri. Halafu fundi wa skrini wa ukumbi akaomba faili yenye leya zote, si picha iliyokwisha bandikwa pamoja, ili aweze kubadilisha maandishi ya raundi. Wino akatuma, akaenda zake kula, na huko ukumbini fundi akaufumbua mto na maneno yake akitafuta maandishi ya raundi.

Kengele ikalia.

Tofali alikuwa ameipa skrini mgongo. Alisikia vicheko, akadhani wanamcheka Msumeno, mpinzani wake, kwa ile bukta yake yenye manyoya. Akatabasamu hata. Msumeno, aliyekuwa anaitazama skrini ana kwa ana, naye alitabasamu, kwa sababu nyingine. Akampiga Tofali mbili za mbavu, pu-pu, akamwegemea sikioni.

"Kaka, kitanda kimetandikwa. Geuka uone."

"Kamgeuze mama yako," akajibu Tofali, akamshindilia ya tumbo iliyomfanya Msumeno ateme mate kwenye viatu vya mwamuzi.

Msumeno akaanza kumzunguka. Hakutafuta kupiga, alitafuta kumgeuza. Kocha wa Tofali, kwenye kona nyekundu, akaiona hila, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama: "Katikati! Baki katikati! Usimfuate!"

Wino akaruka viti. Akakanyaga vidole, akatukanwa ukoo mzima, akafika kwenye meza ya fundi wa skrini kando ya ulingo. Mbele ya meza alisimama baunsa, mtu mpana kama kabati.

"Rudi kwenye kiti."

"Bro, mimi ndiye niliyetengeneza hiyo picha. Nipe nusu dakika."

"Na mimi ndiye mlango wa hii meza. Rudi."

Wino akampitia chini ya kwapa. Akakishika kipanya, akatafuta leya ya mto, akabofya kijicho. Mto ukatoweka. Akabofya cha maandishi, nayo yakatoweka. Ukumbi ukazomea kama watoto walionyang'anywa pipi. Baunsa akamshika kola, akamgeuza, akampiga ngumi ya mdomo.

Wino aliusikia mlio kabla ya maumivu. Kitu kidogo, kigumu, kikazunguka juu ya ulimi wake. Akakitema mkononi: jino lake la mbele, lililokuwa likimsaidia kuchekea.

Raundi ya kwanza ikaisha. Tofali akakaa kwenye kona yake, mgongo kwa skrini, jicho la kushoto limevimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Taya zima. Wino, akiwa sakafuni, damu inamchuruzika shingoni, akashusha pumzi.

Ndipo fundi wa skrini akafanya kazi yake. Alitaka neno RAUNDI YA PILI. Lilikuwa limefichwa, na leya zilikuwa nyingi, na yeye ni mvivu wa kutafuta. Akabofya "onyesha zote," kisha akaanza kufumba moja moja asizozitaka. Akafumba raundi ya tatu, akafumba ya nne. Mto akauacha.

"Toa mto!" Wino akapiga kelele, ila kwa lile pengo ikatoka kama filimbi.

"Mto upi? Lile si tangazo la magodoro?"

"Magodoro ya nani, we mjinga? Unaona godoro hapo?"

"Nimeona mto, nikajua godoro linakuja."

Kengele ikalia. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na safari hii Msumeno hakupoteza muda. Alimkumbatia Tofali, akazunguka naye kama wanaocheza muziki wa harusi, akamwachia. Tofali akajikuta anaangalia juu.

Akaona.

Wino alimjua kaka yake tangu wanagombania blanketi. Aliona mabega yakipanda. Aliona mikono, ile mikono ambayo kocha alihangaika nayo miezi yote, ikishuka hadi kiunoni.

"Mikono!" kocha akalia. "Mikono, mwanangu!"

Tofali alikwenda bila kinga. Msumeno akapiga hatua moja nyuma, akamwachia ya kulia. Ilitua juu ya shavu, nusu shibiri kutoka kwenye taya, ikapasua ngozi kama bahasha. Damu ikawarukia waamuzi mezani. Ya pili ikampata sikioni. Tofali akaanguka chali, akalala, macho yameelekea skrini, na juu yake mto wenye maua ya njano na maneno ya kumtakia usingizi mwema. Watu wakachekea chini ya viti.

"Moja!" mwamuzi akahesabu.

Wino akajua: akiamka akaukuta ule mto bado uko, atakwenda tena mikono chini, na ngumi inayofuata haitakosea. Akalichukua kopo la maji la fundi, akampiga nalo baunsa kwenye pua. Baunsa akashika uso wake kwa mikono yote miwili, damu ikampita kati ya vidole. Wino akarukia meza.

"Mbili!"

"Ficha tu," fundi akasema.

"Nimeshaficha mara mbili! Huu unakufa leo."

Akaichagua leya ya mto, akabonyeza kufuta. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kando ya leya palikuwa na kufuli dogo. Alilifunga mwenyewe siku ile ya utani, maana kila alipotaka kusogeza tarehe mto ulikuwa unaondoka nayo.

"Tatu!"

Akabofya kufuli. Likafunguka. Damu inadondokea kwenye vitufe, akabofya, akafuta. Ukumbi ukaguna. Alikuwa amechagua leya ya chini yake: aliyetoweka ni Tofali, mzima mzima, na mto ukabaki peke yake katikati ya skrini nyeupe kama mfalme.

"Umemuua kaka yako," fundi akasema.

"Nne!"

Wino akabonyeza kurudisha nyuma. Tofali akarudi na ngumi zake. Baunsa naye akarudi. Akamkamata Wino kiunoni kutoka nyuma na kumbana hadi ubavu ukalia kah. Wino akaishikilia meza kwa mkono mmoja, kwa mwingine akakisogeza kipanya taratibu, kama anayepitisha uzi kwenye sindano huku anakabwa. Leya ya mto. Kufuta.

Mto ukaondoka. Chini yake taya la Tofali lilikuwepo vilevile, halina hata alama.

"Tano!"

Maandishi yalikuwa bado, kwa kuwa yalikuwa na leya yao. Wino akambana baunsa kidole kwa meno aliyobakiwa nayo, akachagua maandishi, akafuta. Akahifadhi faili. Kisha akaachia meza, na baunsa akamtupa juu ya viti vya wageni waalikwa.

"Saba!"

Tofali akafumbua macho. Juu yake akamwona mtu mkubwa, kifua wazi, ngumi mbele, mikono juu. Mikono juu kabisa. Akamtazama yule mtu kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

Akainuka kwenye nane. Akainua mikono, akalificha taya nyuma ya bega.

Kilichofuata si cha kusimuliwa watoto wakila. Msumeno alikuja kumalizia, akakuta ukuta. Alipiga glavu, akapiga kiwiko, akapiga hewa. Tofali alimngoja apungukiwe na pumzi, akampa ya ini. Msumeno akakunja uso. Akampa ya pili palepale. Mikono ya Msumeno ikashuka kulinda tumbo, na ya tatu ikaenda juu, ikamvunja pua, na ya nne ikamkuta anashuka. Manyoya ya bukta yakaloa. Kona ya buluu ikatupa taulo kabla mwamuzi hajaanza kuhesabu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na dawa ya kuchua. Kocha alikuwa anamshona Tofali shavu. Wino akaingia akichechemea, ameshika ubavu, mdomo umevimba.

"Hongera, kaka. Taya vipi?"

"Lipo." Tofali hakumtazama. Alikuwa na simu ya kocha mkononi. "Umekifuta kile kitu, sivyo? Nimeambiwa."

"Nimekifuta kabisa. Nimehifadhi. Hakipo tena duniani."

"Kwenye laptopu." Tofali akamgeuzia simu. Mtu wa viti vya plastiki alikuwa ameshapiga picha skrini na kuisambaza, na kwenye picha hiyo hapakuwa na leya wala kufuli wala kitufe, mto ulikuwa umeganda kwenye taya milele. Tofali akaukuza kwa vidole viwili, mpaka maua ya njano yakajaa kioo. "Hii foronya," akasema polepole, "ameishona mama. Hapa aliishiwa uzi wa njano, akamalizia na wa kijani. Huu ni mto wako."

Kupiga picha mto wa kitandani mwake na kuukata pembeni kulimwepusha Wino na kutafuta stika mtandaoni. Siku ile aliona ni akili.

"Fungua mdomo," akasema Tofali.

Wino akafungua.

"Hilo nani kalitoa?"

"Baunsa. Nilipokuwa nakwenda kuficha."

Tofali akafikiri. Akamwondoa kocha na sindano yake pembeni, akasimama, akaanza kuvaa upya glavu ya kulia, akiivuta kwa meno.

"Basi hilo ni nusu ya deni," akasema. "Mikono juu, mdogo wangu. Usiishushe."