Sita Mbili

Mimi ni mtangazaji wa redio, mdomo wangu hauna breki. Wifi yangu ni fundi cherehani, naye akizungumza kwa haraka ni bora umfunge kamba.

Asubuhi ile alinipigia akilia. Alikuwa amesahau kwenye basi mfuko wenye gauni la bibi harusi, na harusi ni jioni ileile!

"Nitajie namba yako ya dukani, niitangaze," nikamwambia.

Akaimwaga yote kwa pumzi moja, akamalizia, "...sita mbili!"

Nikarudia, "Sita mbili?"

"Hapo hapo, wifi!"

Nikaisoma hewani mara tatu, kwa madaha, mwishoni nikitua: sita, mbili. Nikajisifu kabisa.

Baada ya nusu saa simu ya studio ikalia. Mwanamume akafoka, "Dada, mimi nauza mbao! Kuna mama kanipigia ananiuliza gauni langu lina shanga ngapi! Nimemkatia simu."

Nikampigia wifi kwenye simu ya nyumbani. "Namba yako inaishia na ngapi?"

"Sita mbili! Si nilikwambia? Sita, halafu sita nyingine."

Mungu wangu! Yeye alimaanisha sita zikiwa mbili, mimi nikaandika sita na mbili. Na nilivyomrudishia kwa maneno yaleyale, angekataa vipi?

Nikamrudia muuza mbao. "Baba, tafadhali, namba ya yule mama ingali kwenye simu yako. Nisomee."

Akasoma akinung'unika, mwisho akasema, "Sita, tisa tatu."

"Ngoja! Tisa na tatu, au tisa zikiwa tatu?"

"Tisa tatu ni tisa tatu, dada!"

Nikauma ulimi nisimjibu vibaya. "Basi soma tarakimu moja moja. Nne za mwanzo, tua. Tatu, tua. Tatu za mwisho." Safari hii nikamrudishia kila kifungu kabla hajaendelea. Cha mwisho kikatoka: sita, tisa, tatu. Jumla kumi, kama namba zetu zote. Tisa zingekuwa tatu, zingefika kumi na mbili... la, kumi na moja. Hata hesabu ilinitoka kwa woga.

Mama akapokea mlio wa kwanza. "Mfuko ninao, mwanangu, lakini yule kaka yenu ana kiburi!"

Gauni likafika bado saa moja bibi harusi atoke. Jioni wifi akaja studio, macho mekundu, akanikumbatia karibu anivunje mbavu.

"Nipe namba ya yule mama, nimshukuru mwenyewe."

Nikamsomea polepole, kifungu kwa kifungu, nikimaliza: "Sita. Tisa. Tatu."

Akaandika, akanisomea kwa fahari: "...sita, tisa, tisa, tisa."

"Wifi!"

Tukacheka hadi fundi mitambo akagonga kioo. Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi.