Mzee Swaka na Gia ya Kwanza

Katika shule yetu ya udereva pale mtaani Oli, sheria ni moja: ukishindwa na lori la kompyuta, ule mchezo wenye usukani, pedali na gia zake, lori halisi la uani huligusi. Siku hiyo lori la uani lilikuwa linakwenda mji wa Koboko, na mwanafunzi mmoja tu angeshika usukani. Nilitaka awe mimi.

Asubuhi nilikuta klachi iko kinyume: mguu wangu uko sakafuni, haujaigusa, lakini skrini inasema imekanyagwa mpaka mwisho. Nikaingia kwenye mipangilio ya mchezo, nikaigeuza, ikatulia. Nikajiona fundi.

Kisha nikakanyaga klachi, nikasukuma gia kushoto juu, penye namba moja iliyochorwa juu ya kirungu chake. Lori likarudi nyuma likagonga ukuta. Nikaweka ya tatu, ikasomeka ya pili.

"Shamim, wewe iko nakosa," akasema mwalimu wetu, Mzee Swaka, dereva wa malori wa miaka thelathini. "Gia iko mzuri."

"Mzee, gia njo iko nakosa!"

Gustave, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kongo, akaangua kicheko. "Huyu mutu anabishana na kompyuta." Nikamkata jicho.

Mzee akakaa mwenyewe kwenye usukani. Lori likaondoka laini, moja, mbili, tatu. Aibu ilinijaa, skrini ikanichosha, nikaanza kutazama mkono wake. Gia ya kwanza aliivuta chini.

"Mzee, rudia tena."

Akarudia. Chini tena.

Nikatoka kwenye mchezo, nikafungua ukurasa wa kompyuta wa kupima vifaa. Kushoto juu, ikawaka taa ya 1. Kushoto chini, 2. Nafasi zote sita zilikuwa sawa. Kifaa kilikuwa kizima. Mchezo ndio ulioambiwa uongo.

"Nani alipanga gia kwa mchezo?"

Mzee akakohoa. "Mimi. Nilipanga kama lori yangu ya zamani. Rivasi juu, moja chini."

Lile la uani gia yake ya kwanza iko juu. Yaani alikuwa anatufundisha kinyume!

Nikapanga upya. Nilichagua mstari wa gia ya kwanza kwenye skrini, nikaweka gia mahali pake na kuishikilia mpaka mchezo ukaitambua, halafu ya pili, mpaka ya sita. Rivasi, ile ya kurudi nyuma, ikawa ya mwisho: unabonyeza kirungu kwanza, ndipo unavuta kulia chini. Nikazunguka mji mzima wa skrini bila kukosea hata gia moja.

Mzee akajaribu. Alitaka kurudi nyuma, lori likaenda mbele, likalalia duka la mikate la kwenye skrini. Gustave alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha akanipa ufunguo wa lori la uani. Akapanda upande wa abiria, akautafuta mkanda, akaufunga kwa nguvu. Sikuwa nimewahi kumwona mzee yule akifunga mkanda.