Futi Mbili Kasoro Kidogo

Ukienda kwa Makombo kumsalimia, utakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Viti vyake vyote ni vifupi. Meza ni fupi, kabati ni fupi, hata rafu ya vyombo imejibana ukutani kama mtoto aliyefokewa. Majirani walishasema yote ya kusema. Wapo walioapa kwamba fundi yule alikuwa akijenga nyumba ya vibeti. Mkewe aliwajibu dirishani kwamba anayetaka kiti kirefu akae kwake.

Siri yenyewe haikuwa siri. Makombo alikuwa mkata mbao kwenye karakana ya Tajiri, mwanamke mnene wa sauti aliyeirithi kwa baba yake pamoja na sheria zake. Sheria ya kwanza ilisema kipande chochote kinachobaki chini ya futi mbili ni cha mkataji. Ya pili ilisema ndefu kwanza: oda ikija, unakata vipande virefu mpaka viishe, ndipo unashuka kwa vifupi. Tajiri alizishika sheria zile mbili kwa heshima, na hakuwahi kuzikalisha pamoja zikazungumza.

Makombo alizikalisha. Mbao za karakana zilikuwa za futi kumi na mbili. Ukitoa vipande viwili vya futi tano, zinabaki futi mbili kamili, na futi mbili kamili ni za Tajiri. Lakini msumeno nao una mdomo. Kila ukipita, meno yake yanakula unga wenye unene wa punje ya mchele. Ukipita mara mbili, kile kipande cha futi mbili kinakuwa futi mbili kasoro robo inchi. Robo inchi hiyo ndiyo iliyompa Makombo viti, meza, kabati na jina.

Sasa mama mkwe alikuwa anakuja kukaa. Hakusema anakuja mpaka lini, na hilo ndilo lililomtia mkewe homa.

"Mama yangu hatalala kwenye mkeka," mkewe alisema, akikunja nguo kwa hasira. "Binti zake wengine wote wana kitanda cha wageni. Mimi ndiye niliyeolewa na fundi mbao, na mimi ndiye sina."

"Kitanda kipo, mke wangu. Kimebakiza chaga tu."

"Kwa hiyo alale juu ya fremu, kama nguo iliyoanikwa?"

Kitanda kilikuwepo kweli, chumba cha nyuma. Ubavu wake ulikuwa umeungwa vipande vinne kwa vinne, vimepigwa misumari mpaka ukawa mzito kama lango. Katikati palipita boriti, na chaga, zile mbao za kubeba godoro, zilitakiwa kulala mbilimbili, kila moja kutoka ubavuni hadi kwenye boriti. Zilipungua kumi. Bila hizo, mama mkwe angelala kichwa na miguu juu, kiuno chini.

Wiki hiyo hiyo akaja mwoka mikate. Alikuwa anafungua duka la pili na alitaka shelfu ishirini za ngazi: ubao wa chini futi tano, wa kati futi nne, wa juu futi tatu. Alizitaka kabla ya ufunguzi, na alishaalika watu. Vyuma vya kushikilia angevifunga mwenyewe. Yeye alitaka mbao tu.

Tajiri akamchukua Makombo pembeni, kwenye rundo la mbao.

"Lori la mbao limekwama njiani, na dereva hapokei simu. Tuna hizi ishirini tu. Zitatosha?"

Makombo hakuhitaji kalamu. Tano na nne na tatu ni kumi na mbili. Kila ubao, shelfu moja. Kipande cha mwisho kingepungua robo inchi kwa ajili ya msumeno, lakini vyote ishirini vingepungua sawasawa, na mkate haujawahi kulalamikia robo inchi. Zingetosha kama shati la kushonewa. Na baada ya hapo pasingebaki hata kijiti cha kuchokolea meno.

"Zitatosha, Tajiri," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwenye dhamiri yake, akaongeza, "Inategemea na ukataji."

"Ukataji gani tena? Ndefu kwanza. Baba alikata hivyo, mimi nakata hivyo."

"Kwa hiyo nianze na tano zote?"

"Umeanza lini kuniuliza?"

Makombo alilitazama rundo, akamwona mama mkwe amezama katikati ya kitanda. Akajiambia kwamba lori litafika. Akajiambia pia kwamba bosi ameamuru, na yeye ni nani.

"Sawa, Tajiri," alisema.

Alikata tano zote ishirini kutoka mbao kumi. Vikabaki vipande kumi vya futi mbili kasoro kidogo, akavifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli mbele ya macho ya kila mtu. Tajiri mwenyewe alimsaidia kukaza kamba.

Jioni hiyo chaga zililala mahali pake, kumi juu ya zilizokuwepo, na mama mkwe alipofika na masanduku yake alikikuta kitanda kimetandikwa. Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, mwanamke wa macho madogo yasiyopitwa na kitu. Alikaa kwenye kiti, magoti yakampanda, akatazama meza, akatazama kabati, akaipima rafu ya vyombo kwa shubiri. Kisha akacheka peke yake.

"Kuna nini, mama?" Makombo aliuliza.

"Hakuna kitu, baba. Nyumba nzuri. Imeshonwa vizuri."

Kesho yake lori halikufika. Mbao kumi zilizobaki Makombo alizikata kwa utaratibu wote: saba zikatoa nne zote ishirini na moja ya ziada, ambayo aliipunguza ikawa tatu. Mbao tatu za mwisho zikatoa tatu kumi na mbili. Akahesabu, akahesabu tena akianzia upande wa pili, kana kwamba mbao zingemwonea huruma. Tatu zilikuwa kumi na tatu. Saba hazikuwepo.

"Ulisema zitatosha," Tajiri alisema. Alisema polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Nilisema inategemea na ukataji."

"Zimekwenda wapi?"

Makombo alitazama baiskeli yake. Tajiri naye akaitazama. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu baba yake afe, zile sheria mbili kukutana kichwani mwake, na hazikukutana kwa amani.

Walikwenda wote: Tajiri mbele na futikamba mkononi, mwoka mikate nyuma yake, kwa kuwa alikuwa amekuja kuchukua mzigo wake na hakukubali kuachwa, kisha Makombo akisukuma baiskeli. Mtaani watu wakiona Tajiri anatembea kwa miguu wanajua kuna jambo, basi wakafuata. Walipofika, sebule ilijaa mpaka mlangoni, na waliokosa viti wakawacheka waliovipata.

"Natafuta vipande saba vya futi tatu," Tajiri aliitangazia nyumba. "Mbao zangu zimejaa humu. Sitakosa saba."

Akaanza kupima. Mguu wa meza. Mgongo wa kiti. Ubao wa kabati, wa juu na wa chini. Alipima rafu, alipima kibao cha kukatia mboga, akaingia chumba cha nyuma akapima chaga. Kila mara futikamba ilisimama palepale. Mkewe Makombo alimfuata akivirudisha vitu mahali pake, mdomo ameufunga kama mkoba.

"Futi mbili kasoro," Tajiri alisema. "Futi mbili kasoro. Hata hiki?"

"Hicho ni cha kuku," mkewe alisema.

"Kina urefu gani?"

"Futi mbili kasoro."

Watu wakaangua kicheko. Tajiri alikaa kwenye kiti, bila kupenda magoti yake yakapanda, na kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. Ukiunganisha mbao zote zilizokuwa ndani ya nyumba ile, ungeweza kutengeneza duka zima la mikate na ukabaki na mlango. Lakini ubao wa futi tatu haukuwepo hata mmoja. Ubao ukishakatwa mfupi haurudi, hata uulilie.

"Mimi wageni wangu wanakuja," mwoka mikate alikumbusha. "Nitawaambia mikate ikae wapi?"

Mama mkwe, aliyekuwa akinywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Hiyo shelfu ni ya ngazi, siyo? Tano, nne, tatu."

"Ndiyo, mama."

"Basi saba zifanye tano, nne, mbili. Ngazi bado ni ngazi. Juu weka keki, mikate haitakiwi huko." Akamgeukia Tajiri. "Na wewe, mwanangu, usimkaripie sana. Mimi nimekata vitambaa vya watu maisha yangu yote. Unadhani foronya za nyumbani kwangu zilitoka wapi? Huyu angekata tano, nne na tatu kwenye kila ubao, asingebakiwa na kitu. Alijua."

Sebule nzima ikamtazama Makombo. Alitazama sakafu.

"Ulijua?" Tajiri aliuliza.

"Ulisema ndefu kwanza, Tajiri."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli halikumsaidia mtu yeyote. Mwoka mikate alifikiri kidogo juu ya keki, akasema sawa. Chaga saba zikang'olewa palepale mbele ya umati, zikafungwa kwenye baiskeli ileile zikarudi karakana. Kitanda kikabaki na shimo kiunoni, na mama mkwe akapewa kitanda cha wenye nyumba. Makombo na mkewe walihamia chumba cha nyuma, wakalala wamejikunja pembeni mwa shimo, kila mmoja ukingo wake, wasisemezane.

Duka lilifunguliwa. Katika shelfu zote ishirini, watu walizipenda zile saba. Walisema zile fupi juu ndizo za kisasa. Mwenye duka la viatu akataka za hivyo, mwenye duka la dawa akataka, na lori lilipofika hatimaye, oda za tano, nne na mbili zilikuwa zimepanga mstari.

Tajiri akafuta sheria zote mbili za baba yake siku moja. Akasimama juu ya rundo akitangaza sheria mpya kwa fahari: kila ubao utoe tano moja, nne moja, mbili moja, na mkataji asipewe hata unga.

Makombo aliwasha msumeno huku akipiga hesabu. Tano, nne na mbili ni kumi na moja. Futi nzima ingetupwa katika kila ubao. Lakini ukikata tano na tano na mbili kwenye mbao hizi, nne na nne na nne kwenye zile, na mbili tupu kwenye chache za mwisho, hapatupwi kitu. Yaani ile ndefu kwanza, iliyofutwa asubuhi hiyo, ndiyo sasa ingekuwa sahihi kupita zote.

"Umenielewa?" Tajiri aliuliza kutoka juu ya rundo.

"Nimekuelewa, Tajiri," Makombo alisema, akaweka ubao wa kwanza mezani, na akakata moja, moja, moja, kama alivyoambiwa.