Kisahani cha saa ya Papa Célestin

"Weye ndiye unaitetemesha," Papa Célestin alisema, na sauti yake ilikuwa imeshapita mulango wa manjanja ya bati, imefika kwa wamama wanaouza mikate ngambo ya njia. "Toa kidole."

"Nikitoa kidole inajikata, Papa."

"Ikijikata ni juu ya roho yako. Kitu inajua mutu."

Pitchou hakutoa kidole. Alikuwa ameinama juu ya meza, kidole kikubwa kimekanyaga ile saa, na chini ya saa iko kile kisahani cha shaji, cha kuilisha umeme, kidogo kama kifuniko cha chupa, na waya wake mweupe. Mgongo ulimuuma. Akikanyaga sawasawa, saa inalia brr, inaonyesha alama ya umeme. Akipumua tu, alama inapotea. Kiisha brr tena. Kiisha inapotea tena. Toka asubuhi ni ile wimbo moja.

Mama Régina, mwenye ile nyumba ya shaji, akawapandia wote wawili kwa sauti. Alisema nyumba yake inalisha simu za nusu ya Kasongo, sola iko juu ya bati, batri iko chini ya meza, na tangu aanze hii kazi hakuna kitu kilikataa umeme wake. Kimoja tu. Kimetoka Kabambare, kimefungwa ku mukono wa mutu asiyejua maji.

"Mama, niheshimu," Papa Célestin alisema. "Mi ni mugeni."

"Mugeni hapigi kelele mu nyumba ya wenyewe."

Mambo ilikuwa hivi. Pitchou ni motari, iko na moto, ndiyo kusema pikipiki, anabeba watu na mafuta ya ngazi kati ya Kasongo na Kabambare, na alitaka kumuoa Darlène, binti ya Papa Célestin. Darlène mwenyewe alitaka, mama yake alitaka, hata mbuzi ilikuwa imeshapatikana. Lakini mutu fulani akaenda kumwambia mzee kwamba Pitchou iko na mwanamuke Wamaza, kijiji cha katikati ya njia, ndiyo maana kila mvua ikinyesha moto yake inakufa palepale Wamaza, haifi fasi ingine. Kweli Pitchou alikuwa analala Wamaza. Alikuwa analala kwa Mama Emilienne, mujane mwenye meno tatu, anayemuuzia esanse ya pikipiki na kumutukana mupaka usingizi. Lakini nenda umwelezee baba mukwe vile.

Sasa mutoto wa dada ya Papa Célestin alikuwa amemutumia saa kutoka Lubumbashi. Ile saa inahesabu roho. Nyuma yake iko jicho linawaka kijani, unaivaa, inakuonyesha roho inapiga namna gani. Mzee alipoona ile, akasema basi, mambo imeisha. Atashuka Kasongo, atamuvalisha Pitchou ile saa, atamuuliza neno la Wamaza uso kwa uso. Roho ikikimbia, ni muongo. Ikitulia, alete mali.

Alishuka siku mbili ju ya moto, saa ku mukono, kisahani mu mufuko. Alipofika, saa ilikuwa imekufa kabisa. Na leo mchana alikuwa anarudi. Alishasema wazi, mbele ya Darlène: kama saa haiwake, hakuna kuuliza, na kama hakuna kuuliza, ile neno linakwenda kwa mwalimu Jean-Pierre wa kulekule Kabambare, ambaye hana moto na hana sababu ya kulala Wamaza.

Kwa hiyo Pitchou alikuwa anashaji kwa kidole kile kitu ambacho kilikuja kumuhukumu. Aliijua ile. Alikuwa anatoka jasho, na jasho lilikuwa linashuka mupaka ku kidole, na kidole kinateleza.

"Muone," mzee alisema. "Mutu safi anatoka jasho ya nini?"

Walishajaribu kila kitu. Walibadilisha waya inayoingia mu batri, bure. Walishaji simu mu ileile tundu, simu ikakula vizuri sana, kwa hiyo umeme haukuwa na kosa. Papa Célestin akaleta kaucu ya chambre à air, mupira wa ndani ya gurudumu, akafunga saa na kisahani pamoja kama mutu anafunga kuku ju ya porte-bagage ya pikipiki. Kaucu ikavuta saa upande moja, kisahani kikakimbia upande ingine. Akageuza kisahani kichwa chini miguu juu, na hapo ndiyo ilikuwa ajabu: kisahani kikakataa kabisa, kikajisukuma pembeni chenyewe.

"Inaona haya," mzee alisema, na akakaa.

"Ni sumaku, Papa," Pitchou alisema. "Iko sumaku mu saa na sumaku mu kisahani. Ukiweka vizuri zinavutana, ukigeuza zinafukuzana. Geuza tena."

Darlène, ambaye alishuka na baba yake na alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki toka asubuhi, akasimama, akaondoa kidole cha Pitchou, akachukua saa, akaigeuza kwenye mwanga wa mulango.

"Baba," alisema, "hii unaiosha siku gani?"

Mzee akajibu kwamba saa haioshwi, saa si sahani. Analima nayo, analala nayo, alitoka nayo Kabambare mu ile jua. Mutoto wa dada yake alimwambia asiitoe, ndiyo roho isipotee hesabu.

Nyuma ya saa, chini ya lile jicho, kulikuwa vidoto viwili vya chuma ambavyo vilipaswa kuwa vya njano kama dhahabu. Kimoja kilikuwa cheupe cheupe, kingine kimeanza kuwa kijani. Na ku kisahani, vile visumari viwili vyenye springi, vinavyopaswa kugusa vile vidoto, kimoja kilikuwa kimezama mu uchafu, hakipandi tena. Mama Régina akaja kutazama, akapiga makofi. Alisema ile ni chumvi. Jasho linakauka, chumvi inabaki, na umeme hauwezi kupita mu chumvi iliyokauka na kutu yake, unafika ku mulango unakuta kufuli. Alisema ameona ile ku visikilizio vya masikio vya watu wanaosikiliza muziki wakilima.

"Ni jasho yako, Papa," alisema. "Si jasho ya mutoto wa watu."

Akatoa waya kwanza, kila kitu kikae bila umeme. Akachukua bruse ya meno ya zamani, laini, akatia alikoli kidogo ya famasi, akasugua vidoto pole pole, akasugua visumari mupaka kile kilichozama kikaruka juu, tip. Papa Célestin alitazama uchafu wake ukitoka kijani ju ya kitambaa. Kiisha Mama Régina akapepea na kikapu mupaka ikauke. Na kwa sababu yeye ni mutu wa mupango, akakata sparadra mupya, ile utepe mweupe wa kufungia kidonda, akaandika CÉLESTIN KABAMBARE na kalamu, akaikandika nyuma ya saa, vizuri, pembeni ya vidoto, fasi ileile alikuwa amekandika ya asubuhi, ile iliyotoka na alikoli.

Maana mu ile nyumba hakuna kitu kinakula umeme bila jina. Simu zote iko na sparadra nyuma: Glody Bac, Mama Elsa, Pasta, Pasta ya pili. Mara moja simu mbili zilibadilishwa wenyewe na bwana akasoma ujumbe za bibi ya mwenzake, na toka siku ile Mama Régina haweke kitu ju ya meza bila kukibatiza.

Akarudisha saa ku kisahani. Brr. Alama ikaja, safari hii bila kidole. Pitchou akanyosha mgongo. Akaanza kushukuru Mungu na pia kumuogopa.

Moto moja ikapita njiani, meza ikatingisika kidogo tu, saa ikateleza. Alama ikapotea.

"Sasa ni jasho ya nani?" mzee aliuliza.

Mama Régina akakasirika, akasema sumaku ni ya bure, ya Kichina, haina nguvu. Pitchou naye akakasirika, akasema sumaku iko na nguvu, maana ilikisukuma kisahani mbele ya macho yao wote, na sumaku dhaifu haifukuzi mutu. Wakapigana maneno. Mzee akaanza kutafuta kofia yake. Alisema motari wake anangojea sokoni, na Jean-Pierre hana shida na sumaku.

Pitchou akainama mupaka jicho lake likawa sawa na meza. Akaona mwanga. Upande moja saa ilikuwa imelala ju ya kisahani kama mutu ju ya kitanda chake. Upande ingine kulikuwa nafasi nyembamba, kama saa imeinua bega. Na mu ile nafasi, mweupe, kulikuwa nusu ya neno: KABAM.

"Mama Régina," alisema polepole, "toa jina."

"Jina haitoki mu nyumba yangu."

"Sumaku inataka kugusana. Ukiweka kitu katikati, hata nyembamba, nguvu inapungua sana, na saa inakaa upande. Visumari havifiki vizuri. Toa jina, ulikandike ku mukanda."

Hakuna mutu aliwahi kuona ile sparadra kuwa kitu. Ilikuwa kama misumari ya ukuta, iko tu. Mama Régina akaitoa na ukucha, akafuta gundi na alikoli, akaikandika ku mukanda na uso wa mutu anayemuhamisha mugonjwa. Akaisogeza saa karibu ya kisahani. Hakuiweka: ikaruka yenyewe, tak, ikakaa katikati. Papa Célestin akapiga meza kwa ngumi ajaribu. Alama ikabaki. Akapiga tena. Mama Régina akamwambia ile meza ni yake.

Wakangoja. Saa ikala, ikafunguka, ikawaka kijani. Na mzee, bila kucheka, akaifunga ku mukono wa Pitchou.

Ilionyesha mapigo mia na ishirini na nane kwa dakika kabla hajaulizwa kitu.

"Uko na mwanamuke Wamaza?"

"Hapana, Papa."

Mia na thelathini na tatu. Mzee akageuza mukono wa Pitchou ili Darlène aone. Darlène hakutazama saa, alitazama baba yake.

Mama Régina akasema hivi: yeye akitengeneza simu, anaijaribu kwa namba anayoijua. Amuulize kwanza jina.

"Jina lako?"

"Pitchou."

Mia na thelathini na sita.

"Anadanganya hata jina," Papa Célestin alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ya mutu anayeogopa kweli.

Pitchou alitazama ile namba. Roho yake ilikuwa inakimbia kama moto bila freni, na alijua haitatulia leo, haitatulia kesho, mbele ya huyu mzee haitatulia hata siku moja. Basi akaacha kupigana nayo.

"Papa, saa inasema ukweli?"

"Saa haina ndugu. Inasema ukweli."

"Saa imesema mi si Pitchou."

"Imesema."

"Na mwenye mwanamuke Wamaza, walikuambia ni nani?"

Mzee alitazama saa, ambayo alikuwa ameitetea toka asubuhi mbele ya watu, ambayo imesafiri siku mbili, ambayo haina ndugu.

"Ni Pitchou," alisema.

"Basi ni yeye. Si miye."

Mama Régina akajifunika uso na kitambaa cha kusugulia. Papa Célestin alihesabu ile neno kwa vidole, akairudia kutoka mwisho, na haikuvunjika. Alifungua mukanda mwenyewe, akavaa saa yake. Alisema wajomba wa huyu kijana waje Kabambare juma ya Mungu, siku ya misa, na ile mbuzi, na huyu Pitchou, yeye asimuone tena ku uwanja wake.

"Hata mi sitaki kumuona, Papa," Pitchou alisema.

Darlène alikuwa anatazama chini, mabega yanatingisika. Pitchou akachukua ufunguo wa moto, akatoka, na kabla mzee hajakumbuka kuuliza mukwe wake anaitwa nani, akafunga mulango.