Mapigo ya Jioni

Mke wangu Gwantwa anashikwa mkono na mwanamume mwingine, na mimi natakiwa nishukuru. Anza hapo, ndipo utanielewa.

Shida ni moyo wake. Ghafla tu unaanza kwenda mbio, mwili unamlegea, anatafuta pa kukaa. Baadaye unatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza tulipokwenda kituo cha afya hapa Tunduma walimpima umeme wa moyo, na siku hiyo moyo ukakaa kimya. Kipimo kikatoka safi. Daktari Fausta akasema, "Mama, siwezi kutibu kitu ambacho sijakiona. Nenda ukaandike."

Akampa maelekezo. Kila moyo ukianza mbio, aandike saa, alikuwa anafanya nini, alikula au kunywa nini kabla, ulianza ghafla au polepole, ulichukua muda gani na uliisha vipi. Mapigo yahesabiwe kwa nusu dakika kisha yazidishwe mara mbili, na iandikwe kama yanakwenda sawasawa au yanarukaruka. Asubuhi na jioni, akiwa ametulia, ahesabu pia, ili ijulikane kawaida yake ni ipi. "Lakini ukizimia, au kifua kikauma, au pumzi zikakubana, usishike kalamu. Njoo mara moja."

Hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi ulianza alipoingia Rabson.

Gwantwa anauza mchele wa Kamsamba. Mchana anavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na Rabson ndiye mteja wake mkubwa. Ana duka pana, mabega mapana, na meno yote. Moyo wa mke wangu ukianza mbio hawezi kujihesabu, mikono inatetemeka. Basi Rabson anamkalisha kwenye gunia, anamshika mkono, anatazama saa ya ukutani, anahesabu na kuandika. Mia moja sabini na nane. Mia moja themanini na mbili. Mwandiko mzuri, mviringo, wa mtu asiye na haraka.

Nilimuuliza mke wangu, "Mbona moyo wako haukimbii ukiwa na mimi?"

"Nitajuaje, Baba Faith? Hauniombi ruhusa."

Nikacheka. Moyoni nilikuwa naungua. Mimi ni fundi cherehani, ninakaa kibarazani kwangu kutwa nzima, na mguu ukikanyaga pedali akili inabaki na nafasi ya kuzurura. Yangu ilikuwa inavuka mpaka bila kugonga muhuri.

Nikaamua: asubuhi ajihesabu mwenyewe, lakini jioni ni yangu. Akirudi kutoka Nakonde, akishapumzika, namwambia lete mkono. Namkamata kisawasawa, natazama saa ya simu, nahesabu. Jioni ya kwanza nikapata mia na kumi na mbili. Nikahisi damu inanipanda. Iliyofuata, mia na kumi na nane! Asubuhi anaandika sabini na kitu, jioni akitoka kwa Rabson yuko mia na zaidi. Nifikirie nini?

"Mbona mimi najisikia nimetulia?" aliniuliza.

"Namba hazisemi uongo," nikamjibu, nikaandika.

Kisha nikapata ushahidi mkubwa kuliko wote. Alhamisi moja Rabson ameandika: moyo umeanza ghafla saa saba na nusu mchana, dukani. Saa saba na nusu ya Alhamisi hiyo mke wangu alikuwa kibarazani kwangu, tunakula ugali na maharage, Faith anatusumbua pembeni. Sasa mtu mmoja anakuwaje nchi mbili kwa wakati mmoja? Niliona wazi kwamba wanapanga uongo, na hata kuupanga hawajui. Nikaiweka hiyo Alhamisi mpaka siku ya kliniki.

Siku ilipofika nilivaa koti. Daktari Fausta akasoma kurasa zote, akazirudia, akakunja uso.

"Sielewi," alisema. "Huku mapigo ya mchana yanaanza kabla mama hajanywa kitu chochote. Na huku jioni, mwenyewe anaandika hajisikii vibaya, ila mapigo yako juu kila siku. Kwa namba hizi za jioni nitaanza kutafuta upungufu wa damu, nitaanza kutafuta ugonjwa wa tezi. Inaonekana kama moyo ukishapanda haushuki mpaka asubuhi."

"Daktari," nikasema, nikasimama kabisa, "hayo maandishi yana uongo. Tazama Alhamisi. Saa saba na nusu mke wangu alikuwa na mimi!"

Gwantwa akageuka kunitazama. Hakuonekana mwenye hatia. Alionekana mtu aliyechoka.

"Saa aliitazama nani?" daktari aliuliza.

"Rabson," akajibu mke wangu. "Saa ya dukani kwake."

"Nakonde?"

Hapo nikakaa chini. Saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Hata Faith anajua, na hajaanza shule. Mtu wa Tunduma akilisahau hilo, ujue wivu umemshika pabaya.

Daktari akasogeza saa zote za Rabson mbele kwa kalamu nyekundu. Saa saba na nusu ikawa saa nane na nusu. Mke wangu alikuwa ameandika, kwa saa ya simu yake mwenyewe, ambayo ni ya kwetu, kwamba saa nane alikunywa kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu. Siku nyingine vilevile, kopo kwanza, moyo baadaye.

"Aha," alisema daktari. "Hili kopo uliache kwanza, tuone. Na hizi za jioni, nani alipima?"

"Mimi," nikasema, na bado nilikuwa na fahari kidogo.

"Nionyeshe."

Nikamkamata Gwantwa kama kila jioni, kidole gumba juu ya mshipa, nikakandamiza.

"Baba, acha hapo hapo. Kidole gumba kina mapigo yake. Ukikitumia unaweza kuhesabu ya kwako ukadhani ni ya mgonjwa." Akanishika mimi mkono kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, akatazama saa yake. "Mia na kumi na nne. Na umekaa tu."

Gwantwa alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika. "Baba Faith! Jioni zote zile ulikuwa unajihesabu mwenyewe?"

Daktari akazipiga mstari namba zangu, moja moja. Zilipoondoka, yaliyobaki yakasomeka: asubuhi moyo umetulia, mchana unaanza ghafla, unakwenda sawasawa kwa kasi kubwa, unakatika ghafla. "Sasa nina kitu cha kuandika," akasema, akaanza barua ya kumpeleka hospitali Mbeya, akavalishwe kipimo cha kutembea nacho, kinachorekodi moyo usiku na mchana. "Endeleeni kuandika mpaka hapo. Na huyo Rabson aendelee. Anahesabu vizuri, ila aandike saa za kwetu."

Aendelee!

"Jaribu tena," daktari akaniambia. "Vidole viwili. Taratibu."

Gwantwa akaninyooshea mkono mwenyewe. Mwanzoni sikusikia kitu, nikaogopa. Kisha mpigo ukaja, mdogo, pale chini ya vidole vyangu, hauna haraka. Nilihesabu dakika nzima, maana nusu haikunitosha.

Sabini na mbili.

Rabson yeye anapata mia moja na themanini, na bado sijampenda. Lakini hii sabini na mbili hajawahi kuihesabu.