Mwayo wa Baba

Kabla ya kuwasha injini huwa nawauliza abiria wangu wote swali moja: nani ana mafua? Nauliza mwenyewe, nimesimama mlangoni pa ndege, nikiwatazama puani. Watu wa milimani kwetu ni wagumu. Wanaweza kuficha homa ya siku tatu ili wasikose safari ya Madang, mji wa pwani. Siku ile nilimwangalia kila mtu isipokuwa mmoja. Yule mmoja alikuwa baba yangu, mzee Gande, na kosa hilo ni langu.

Baba alikuwa hajawahi kupanda ndege niliyoiendesha mimi. Kwa miaka minne alikuwa akija ukingoni mwa uwanja wetu wa nyasi, anasimama na fimbo yake, ananitazama nikitua kwenye ule mteremko, kisha anaondoka bila neno. Mama mdogo Dilu, ndugu wa marehemu mama, ndiye aliyenidokeza kwamba akifika sokoni hazungumzi jambo jingine. Sasa wazee walikuwa wamemchagua kupeleka ngoma zetu nane kwenye mashindano ya pwani. Yeye ndiye mtengeneza sauti. Hubandika vidonge vya nta ya nyuki juu ya ngozi ya kenge, anagonga, anainamisha kichwa, anaongeza kidonge au anakipunguza, mpaka ngoma nane zinasema kwa sauti moja. Hana kipimo kingine zaidi ya masikio yake mawili, na bondeni kwetu hakuna mwingine anayeiweza kazi hiyo.

Nilipouliza habari ya mafua, alinyamaza. Nilimketisha kiti cha mbele, kulia kwangu, nikamvisha hedifoni, nikampa peremende kama ninavyowapa wote. Akaigeuza mkononi, akampa mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma. Tukaruka.

Kupanda hakukuwa na tabu. Hewa iliyo ndani ya sikio hutoka yenyewe kwa urahisi ndege ikipanda, hata kwa mwenye mafua. Shida ni kushuka. Ndege ndogo kama yangu haina mtambo wa kudhibiti mgandamizo wa hewa ndani. Ukishuka, hewa ya nje inazidi kuwa nzito na inasukuma ngozi ya sikio kuelekea ndani, na kinjia chembamba kitokacho nyuma ya pua ndicho pekee kinachoweza kuruhusu hewa iingie kusawazisha. Ukimeza mate kinafunguka kidogo. Ukipiga mwayo kinafunguka zaidi. Pua ikiwa imevimba kwa mafua, kinagoma.

Tulivuka mlima mkubwa tukiwa futi elfu kumi na moja, bahari ikaonekana, nikaanza kushuka. Nyuma, mama mmoja alikuwa amempa kichanga ziwa, vizuri kabisa. Wengine walikuwa wanatafuna. Baba alikuwa ameketi wima, midomo ameibana. Tulipofika elfu nane niliona jasho kwenye paji lake, na ndani ya ndege kulikuwa na baridi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Ila alilisema neno hilo kwa sauti ya puani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba yangu mzazi amenidanganya.

"Baba, una mafua tangu lini?"

"Tangu juzi. Endesha ndege yako."

Halafu akafanya jambo ambalo lilinitia hofu kuliko wingu lolote. Akaziba pua kwa vidole viwili, akajaza mashavu, akaanza kupuliza kwa nguvu zake zote, kama apulizavyo filimbi ya mianzi. Nilimpiga mkono ukaanguka. Sikuwahi kumpiga baba maishani, na sitarudia. Lakini sikio lililoziba kabisa halifunguliwi kwa ubabe. Ukilisukuma hivyo unaweza kupasua kitu ndani kabisa, kule kunakosikia, na uziwi wake hauna dawa.

Akanitazama kwa macho makali. Alisema maumivu ni maumivu, mwanamume anayameza, zimebaki dakika chache tu. Nikamwambia ukweli bila kuupamba: kila futi tunayoshuka inakaza lile sikio zaidi, na likipasuka au likijaa damu, ngoma zitafika Madang na mtengenezaji atakuwa amebaki angani. Akaweka mikono magotini.

Nikaangalia mafuta. Yalitosha. Nikawaomba waongozaji wa ndege ruhusa ya kurudi juu, wakanipa, nikainua pua ya ndege. Nyuma kelele zikaanza, maana bahari ilikuwa karibu na sasa inazidi kuwa mbali. Nikapaza sauti kuwaeleza kwamba tuna mgonjwa wa sikio. Wote wakamtazama mgonjwa, na kwa baba hilo lilikuwa baya kuliko maumivu.

Tulipofika karibu elfu kumi uso wake ukalegea. Nikaanza kushuka upya, polepole kweli, futi mia tatu tu kwa dakika, nikamwambia aanze kumeza mapema, kabla ya kuumia: azibe pua, ameze, asipulize. Akameza. Sikio la kulia likafunguka. La kushoto likakataa.

"Piga mwayo, baba."

Akakataa kwa kichwa. Nilijua angekataa. Kwetu mzee hapigi mwayo mbele ya watu. Mkutanoni, anayepiga mwayo amekiri kwamba amechoka na amewaachia wenzake neno la mwisho. Baba amekaa kwenye mabaraza miaka arobaini na hakuna aliyewahi kuyaona magego yake.

Mama mdogo Dilu, aliyesafiri nasi, alikuwa ameketi nyuma yake tu. Akamgusa bega, baba akageuka, na yule bibi akafungua kinywa chote, polepole, bila haya, mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji, mimi nimechoka," akamwambia kwa sauti kubwa kushinda injini. "Na wewe vumilia, maana wewe ni chuma."

Mtoto mwenye peremende akapiga mwayo. Kisha mama yake. Kisha safu nzima, na hata mimi taya likaanza kuniwasha. Baba alipambana. Niliona pua inatanuka, kidevu kinatetemeka, akauma meno. Halafu kinywa kikafunguka chenyewe, kipana kama mlango wa zizi, na akashtuka akashika sikio. Nikamuuliza vipi. Akasema limelia "tii", na sasa anasikia injini yangu ina kelele mno.

Niliendelea kumpigisha miayo mpaka magurudumu yakagusa lami. Ilituchukua nusu saa zaidi, na sikumwomba mtu msamaha.

Uwanjani nesi alimulika sikio kwa kurunzi yake. Alisema ngozi ni nyekundu ila haijapasuka, litakuwa zito siku mbili tatu, na asipande ndege tena mpaka mafua yaishe kabisa. Akasimama nyuma yake akamnong'oneza majina ya miji upande wa kushoto, baba akayarudia yote, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimeshika mkoba wake wa nta.

Watu wa mashindano walikuwa wanamsubiri, na miongoni mwao wazee wa bonde la jirani ambao wamebishana naye tangu ujana. Wakamuuliza mbona ndege imechelewa. Nilitaka kujibu mimi, niseme ni upepo, nimsitiri. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mnanijua sijawahi kushindwa na mtu," akasema. "Leo nimeshindwa na rubani huyu, mbele ya watu tisa. Mimi ndiye niliyemzaa."

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikio moja bado lilikuwa zito, na uwanja mzima ukasikia.